Australia, Nyuzilandi au Kanada: viza ya likizo na kazi kwa mtu wa miaka 34 aliyeko Mtwara

Mpwa wangu alizaliwa Septemba 1991 katika mji wa Reading, Uingereza, akarudi na mama yake Mtwara akiwa mkubwa, na kwa miaka minne sasa anaoka mikate na keki katika nyumba ya wageni huko Mikindani. Pasipoti yake ni ya Uingereza. Kwa desturi zetu za kusini, mtoto wa dada akitaka kusafiri mbali, shauri hupelekwa kwa mjomba, na ndivyo nilivyojikuta jioni kadhaa nimekaa Shangani mbele ya kompyuta nikilinganisha nchi tatu zinazompa kijana wa Kiingereza ruhusa ya kuishi na kufanya kazi bila kutafutiwa mwajiri kwanza. Niliyoyakuta nayaandika hapa kwa ajili ya familia nyingine zenye watoto wa namna hiyo.

Kabla ya yote, niseme wazi kuhusu pasipoti ya Tanzania. Viza hizi hutolewa kwa mapatano kati ya nchi na nchi, na Tanzania haimo katika orodha ya Australia, Nyuzilandi wala Kanada, na haimo pia katika mpango wa vijana wa Uingereza. Hakuna ada, barua ya mwaliko wala wakala anayeweza kuliweka jina la nchi mahali ambapo halipo. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu mwaka mmoja nilimlipia kijana wa nyumbani kwangu fedha kwa mtu aliyedai ana “nafasi za 417”, na baada ya miezi mitatu simu yake ikawa haipatikani. Hiyo 417 ni namba halisi ya viza ya Australia, na ndiyo iliyonifanya nimwamini. Laiti ningefungua ukurasa wa serikali yao na kutazama orodha ya pasipoti zinazokubalika, ningemaliza kazi kwa dakika tano.

Jambo la pili ni kwamba pasipoti ndiyo inayoamua masharti yote yanayofuata. Chukua kijana wa Kijerumani anayejitolea hospitalini Ndanda. Kwa Australia na Nyuzilandi mwisho wake ni miaka 30, ilhali Mwingereza anaruhusiwa hadi 35. Mjerumani huyo akitaka mwaka wa pili Australia, lazima kwanza afanye kazi maalumu kwa miezi mitatu, kwa mfano shambani katika maeneo yaliyotajwa, lakini Mwingereza aliondolewa sharti hilo tangu 1 Julai 2024. Kwa hiyo anayesoma ushauri wa Mjerumani au Mfaransa na kuufuata akiwa na pasipoti ya Uingereza anaweza kujinyima haki yake, au kudhani anayo ambayo hana. Kuanzia hapa nazungumzia Mwingereza tu.

Nianze na umri, kwa maana ndio uliotupa kazi kubwa, na ndio ambao watu husoma kijuujuu. Nchi zote tatu zinamkubali Mwingereza mwenye miaka 18 hadi 35. Ukiziweka kwenye jedwali utaona 35, 35 na 35, na utadhani hakuna tofauti. Tofauti imo katika idadi ya mara ambazo umri unapimwa. Nyuzilandi, kwa mapatano yaliyoanza katikati ya mwaka 2023, inatoa viza moja inayoweza kufika miezi 36. Umri hutazamwa mara moja, pale unapoomba, na ukishaipata unaweza kutimiza miaka 36, hata 37, ukiwa palepale unaoka mikate yako. Australia nayo inampa Mwingereza miaka mitatu, lakini inaitoa kwa viza tatu za mwaka mmoja mmoja, na kila ombi linasimama peke yake: linalipiwa ada yake, na siku linapowasilishwa mwombaji lazima awe hajatimiza miaka 36.

Sasa weka tarehe za mpwa wangu. Atatimiza miaka 36 Septemba 2027. Tuseme anaingia Australia Julai 2026. Ombi la viza ya pili anaweza kuliwasilisha wakati wowote kabla ya siku yake ya kuzaliwa mwaka 2027, na kwa kuwa ya kwanza inaisha Julai, hapo hakuna tatizo. Lakini viza ya pili itamfikisha Julai 2028, na atakapotaka kuomba ya tatu katika miezi hiyo ya mwisho, kama wengi wanavyofanya, atakuwa ameshapita umri kwa karibu mwaka mzima. “Miaka mitatu” iliyoandikwa katika kila tangazo inakuwa kwake miaka miwili. Kijana wa miaka 25 hana haja ya kujali hesabu hii. Mwenye 33, 34 au 35 aifanye kwa kalamu na karatasi, akiandika tarehe ya kuingia, tarehe ya kila ombi, na tarehe ya kutimiza 36, kabla ya kulipa hata senti moja.

Kanada nayo ina jambo lake ambalo ni la bahati zaidi kuliko umri. Mtu haombi viza moja kwa moja, bali hujaza wasifu na kuingia katika kundi la wanaosubiri, kisha majina huchaguliwa kwa bahati nasibu katika raundi zinazofanyika ndani ya msimu. Unaweza kuchaguliwa wiki ya pili, na unaweza kumaliza msimu bila kuchaguliwa. Kwa mtu ambaye umri unamkimbiza, kusubiri namna hiyo kuna gharama yake. Ukichaguliwa, una siku 10 za kukubali mwaliko, na baada ya kukubali una siku 20 za kuwasilisha ombi kamili. Siku 20 kwa mtu wa London ni nyingi. Kwa mtu wa Mtwara, ambaye karatasi zake nusu zinapatikana Dar es Salaam na nusu Uingereza, ni chache, na nitarudi kwenye hilo.

Sharti la kukaa na mwajiri mmoja ndilo lililomshtua mpwa wangu zaidi. Alikuwa amepata duka la mikate Perth lililokuwa tayari kumpokea, na mwenye duka alitaka mtu wa mwaka mzima. Viza ya Australia ina sharti linaloitwa 8547, nalo linakataza kufanya kazi kwa mwajiri mmoja kwa zaidi ya miezi sita bila kibali. Wakati wa korona sharti hili lililegezwa, na ushauri mwingi wa miaka ile bado unazunguka mitandaoni, lakini sasa limerudi. Miezi hiyo sita inahesabiwa kwa kalenda kuanzia siku ya kwanza ya kazi. Ukianza 1 Agosti, unaishia mwisho wa Januari, hata kama ulikuwa unaingia kazini siku mbili tu kwa wiki. Mpwa wangu alidhani kwamba akifanya nusu siku angepata mwaka mzima, na nadhani wengi wangedhani hivyo hivyo.

Kuna njia nyingine ambayo watu huijaribu, na haisaidii. Mtu anaambiwa na mwenye kazi: “Miezi sita ikiisha, chukua namba ya biashara, uniuzie huduma yako kama fundi huru.” Kwa sharti hili, anayefanyiwa kazi ndiye mwajiri, namba ya biashara uwe nayo au usiwe nayo. Mwenye duka hawezi kudai hakujua, kwa sababu anaweza kuyaona masharti ya viza yako katika mfumo wa serikali uitwao VEVO, ambako 8547 inaonekana imeandikwa. Anayevunja sharti anahatarisha viza aliyonayo na anayotarajia kuiomba kesho.

Hata hivyo, sharti lina milango yake, na ni haki kuitaja. Unaweza kubaki na mwajiri yule yule ukihamia tawi lake jingine, ilimradi usizidi miezi sita katika sehemu moja. Kazi za kilimo cha mimea na ufugaji zinaweza kuendelea kupita miezi sita kwa mwajiri mmoja popote Australia bila kuomba kibali, na kaskazini mwa nchi ile ziko kazi nyingine kadhaa zilizofunguliwa hivyo hivyo, ikiwemo utalii na hoteli. Na ukipata viza ya pili, hesabu inaanza upya, yaani unaweza kurudi kwa mwajiri wa mwanzo kwa miezi sita mingine. Kibali maalumu nacho kinaweza kuombwa, ila hutolewa kwa sababu zisizo za kawaida, na “bosi ananipenda” si mojawapo. Kwa hiyo mwokaji wa Perth angefanya miezi sita, akatafuta kwingine miezi sita, kisha akarudi. Mwenye duka alipoelezwa hivyo, alisema kwa upole kwamba hawezi kumfundisha mtu tanuri lake mara mbili.

Nyuzilandi inaongea lugha nyingine katika jambo hili. Kwa raia wa baadhi ya nchi nyingine imeweka mpaka mkali zaidi ya Australia, miezi mitatu kwa mwajiri mmoja, na hapo ndipo watu huchanganya mambo wanaposoma kurasa zisizo zao. Mwingereza hana mpaka huo. Anachokatazwa ni kuchukua ajira ya kudumu kwa viza hii, maana yake mkataba wake uwe wa muda maalumu au wa muda mfupi. Duka la mikate likimpa mkataba wa miezi kumi na minane wenye tarehe ya mwisho, hilo ni jambo tofauti kabisa na likimpa ajira isiyo na kikomo. Karatasi ya mkataba isomwe kwa makini, kwa sababu waajiri wengi wana fomu moja tu wanayompa kila mtu, na neno “kudumu” linaweza kuwa limechapwa humo tangu zamani.

Kanada ndiyo nyepesi kuliko zote kwa kipengele hiki. Kibali kinachotolewa katika kundi la likizo na kazi ni kibali cha wazi: hakitaji mwajiri, na hakina idadi ya miezi kwa mwajiri mmoja. Lakini mtu awe mwangalifu wakati wa kujaza wasifu, kwa kuwa mpango huohuo una kundi jingine la vijana wenye taaluma, na kibali chake kimefungwa kwa mwajiri mmoja aliyetajwa. Ukiingia kundi lisilo lako kwa kufikiri kwamba jina lake linapendeza zaidi, umejifunga mwenyewe.

Tukija kwenye fedha, tarakimu zenyewe ni hizi. Australia inataka uonyeshe dola 5,000 za Australia, na juu yake nauli ya kuondoka. Kanada inataka dola 2,500 za Kanada. Nyuzilandi inahesabu kwa mwezi, dola 350 za Nyuzilandi kwa kila mwezi wa kukaa, pamoja na tiketi ya kurudi au fedha ya kuinunulia. Mwaka mmoja ni 4,200, na hapo inaonekana nafuu kuliko Australia. Miezi 36 yote ni 12,600, na unafuu umetoweka. Ndiyo bei ya kupimwa umri mara moja tu: unalazimika kuonyesha mapema uwezo wa kukaa muda wote unaouomba.

Kanada nayo inaonekana rahisi mpaka ufike kwenye bima. Inataka bima ya afya inayofunika muda wote wa kukaa, na afisa wa mpakani ndiye anayechapa kibali. Ukifika na bima ya miezi sita, ana uwezo wa kukupa kibali cha miezi sita, hata kama barua yako iliruhusu muda mrefu zaidi, na kuurefusha baadaye si jambo la kutegemea. Watu wamepoteza mwaka mzima kwa kuokoa fedha ya bima. Kwa hiyo anayelinganisha aongeze gharama ya bima ya muda wote kwenye zile 2,500 kabla hajasema kwamba Kanada ni rahisi.

Kilichonishughulisha mimi kwenye fedha hakikuwa kiasi. Akiba ya mpwa wangu ilikuwa ndogo, ikaingia kwa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, kisha Desemba ikaingia kwa mkupuo fedha nyingi kuliko mshahara wake wa mwaka. Mtu wa Lindi au Mtwara haulizi fedha hiyo imetoka wapi. Ni msimu wa korosho: mama yake alipeleka mzigo chama cha msingi, ukaenda ghalani, ukauzwa mnadani, malipo yakaingia benki, na mama akamtumia binti. Afisa aliyeko Wellington au Canberra haoni korosho, anaona tu salio lililovimba wiki tano kabla ya ombi, na hiyo ndiyo sura hasa ya fedha ya kuazima. Tulichofanya ni kuambatanisha stakabadhi ya ghala, karatasi ya malipo ya chama yenye kilo na bei, taarifa ya benki ya mama inayoonyesha malipo yakiingia na kutoka, na barua fupi ya mama inayosema fedha hiyo ni zawadi isiyorudishwa. Karatasi nne, kila moja ikishika mkono wa nyingine. Bila hizo, nisingethubutu kuwasilisha ombi.

Kuna jambo ambalo Mwingereza aliyeko Uingereza halifikirii kabisa, nalo linatuhusu sisi kwa kuwa tunaishi hapa. Nchi zote tatu huangalia mahali ulikokuwa ukiishi kabla ya kuomba, na Tanzania iko miongoni mwa nchi ambazo mkaazi wake hutakiwa kupimwa kifua kikuu akitaka kukaa zaidi ya miezi sita. Pasipoti ya Uingereza haikuondolei kipimo hicho. Picha ya eksirei lazima ipigwe kwa daktari aliyeidhinishwa na nchi unayoiomba, na kwetu maana yake ni kupanda basi la Dar es Salaam na kutumia siku nzima njiani. Eksirei ya hospitali yetu ya Ligula, hata ikiwa safi namna gani, haipokelewi kwa kazi hii. Kwa Australia unaweza kuchukua namba ya vipimo, inayoitwa HAP ID, kabla hujawasilisha ombi, ukapimwa mapema na kuondoa mashaka.

Hapo ndipo zile siku 20 za Kanada zinapobana. Ndani yake unatakiwa uwe na uthibitisho wa vipimo, na hati za polisi kutoka kila nchi uliyoishi kwa miezi sita mfululizo au zaidi tangu utimize miaka 18. Kwa mpwa wangu ni hati mbili, moja ya Uingereza na moja ya Tanzania, na ya Tanzania inahitaji alama za vidole. Hati isipofika kwa wakati, Kanada hukubali uambatanishe ushahidi kwamba umeshaiomba, kwa hiyo risiti ya malipo isitupwe. Ningekuwa naiendea Kanada, ningeomba hati zote mbili siku ile ile ninayoingia kwenye kundi la kusubiri, wala nisingengoja jina litoke.

Kwa hiyo nilimshauri mpwa wangu hivi. Kama angekuwa na miaka 24, na yuko tayari kuhama kutoka shamba hadi shamba au kutoka hoteli hadi hoteli, ningemwambia Australia bila kusita, kwa maana hakuna bahati nasibu, na sharti la miezi sita halimbani sana mtu wa mashambani. Kama angekuwa na akiba ndogo, miaka mingi mbele yake na subira, ningemwambia aweke jina Kanada na aendelee na kazi yake Mikindani huku akisubiri. Lakini yeye ana 34, kazi yake ni ya tanuri, na mwokaji anaanza kuwa na manufaa kwa mwajiri pale anapokuwa ameshalizoea tanuri. Nyuzilandi inamfaa kwa umri na kwa mwajiri pia, na mzigo wake uko kwenye fedha peke yake. Dada yangu alinuna kidogo aliposikia 12,600. Akauliza kama haiwezekani kuomba muda mfupi, kiasi kikapungua.

Inawezekana, kwa kuwa miezi 36 ni ukomo tu. Tulikaa tukapiga hesabu ya korosho zilizobaki na akiba ya binti, tukaona dola 8,400 zinatosheleza miezi 24 na bado nauli inabaki. Mpwa wangu akatikisa kichwa. “Mjomba, nikiomba 24 nitafika miaka 36 nikiwa kule, na sitaki kuanza kuuliza tena kama ninaweza kuongeza.” Akaamua angoje malipo ya mnada wa mwisho, aombe miezi yote. Ana muda hadi siku moja kabla ya kutimiza miaka 36, na safari ya Dar kwa ajili ya eksirei tumeipanga baada ya mvua.